Moyo Uliotanuka
Upandapo Menengai kutoka Nakuru, ewe msomaji, damu nyingi hurejea moyoni. Chumba cha chini cha kushoto, kilichokuwa kikijaa mililita 120 na kutoa 70, sasa hujaa labda 140 na kutoa 100. Mishipa ya fahamu huuhimiza moyo. Lakini pia nyuzi zilizovutwa kiasi hujikaza kwa nguvu zaidi.

Moyo uliougua ukatanuka waweza kujaa 250, nao ukatoa 50 tu. Nyuzi zimedhoofika, na kuvutwa zaidi hakuzisaidii. Tena ukuta wa chumba kipana hulazimika kujikaza zaidi ili kuleta msukumo ule ule. Damu hurundikana hadi mapafuni. Mgonjwa hawezi kulala chali. Dawa ya kukojoza humpunguzia maji, akapumua, na damu itolewayo haipungui sana.