Aliyeipotosha Herufi Ndiye Alipe

Nimechapa fulana Kariakoo kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba mteja akishaona sampuli na kuikubali, kosa lolote litakaloonekana baadaye ni lake. Hata ukutani nilibandika tangazo: "Ukishakubali sampuli, hakuna marejesho." Tangazo hilo nimelibandua. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mafundi wenzangu, na kwa kila mtu anayeagiza fulana za harusi, za msiba, za kwaya au za kikundi.

Kazi iliyonibadilisha ilitoka kwenye kwaya moja iliyokuwa ikijiandaa kwa jubilei yake. Waliagiza fulana 50 za bluu iliyoiva, maandishi meupe kifuani, kila moja shilingi 12,000. Jumla ilikuwa 600,000 na wakatanguliza nusu. Katibu wa kwaya, mama mmoja makini sana, alinitumia maneno kwa meseji ya WhatsApp. Mstari wa kwanza ulisomeka: "UTUKUFU KWA MUNGU JUU."

Dizaina wangu hakunakili ile meseji. Aliisoma kwenye simu, akayaandika maneno upya kwenye kompyuta, na badala ya F akabonyeza T. Kwenye kibodi herufi hizo mbili zinapakana. Likatoka neno "utukutu", ambalo nalo ni Kiswahili sanifu, kwa hiyo hata kompyuta inayosahihisha tahajia isingelipigia mstari mwekundu. Jicho nalo halikusaidia, kwa sababu anayeijua sentensi kwa moyo huona kile anachotarajia kukiona. Tulimtumia mama picha ya fulana nzima usiku, maandishi yakiwa madogo kifuani. Akajibu kwa kidole gumba.

Kwa wasioijua kazi ya skrini, maandishi hutengenezwa kwanza kwenye fremu iliyowambwa kitambaa chembamba. Kitambaa hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, kisha sehemu ya maandishi peke yake inabaki wazi kupitisha wino. Fremu ikishakuwa na kosa, kila fulana inayopita chini yake inalibeba. Wino wa plastisoli tunaoutumia huivishwa kwa joto la nyuzi 160 hivi, na ukishaiva huwezi kuufuta bila kuharibu kitambaa. Kosa lilipogundulika, nilifikiria kupaka wino juu ya ile T igeuke F. Haikuwezekana, maana nguzo ya T iko katikati na ya F iko pembeni. Fulana zote 50 zilikuwa zimeharibika.

Mama alikuja Ijumaa mchana kuchukua mzigo, akifuatana na mzee wa kanisa. Jubilei ilikuwa Jumapili. Alipokunjua fulana ya kwanza alinyamaza, kisha akasema, "Fundi, mimi niliandika utukufu." Nikamjibu kwa heshima, lakini kwa msimamo, kwamba sampuli aliiona na akaikubali. Nikamwonyesha na tangazo la ukutani.

Mzee hakubishana nami. Aliomba simu ya katibu, akasoma meseji zote kwa sauti tangu ya kwanza. Alipofika kwenye picha ya sampuli akaniuliza, "Mwanangu, hapa ulimwomba aangalie nini?" Meseji yetu chini ya picha ilisema: "Mama, cheki kama rangi iko sawa." Mzee akarudisha simu na kusema, "Basi alichokikubali ni rangi. Neno sahihi lilitoka kwetu, na neno lililopotoka limetoka kwenu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata. Gharama ya kurudia niliibeba mimi. Fulana tupu za jumla zilinigharimu shilingi 325,000. Maandishi nilichapisha kwa jirani mwenye mashine ya DTF, ile inayochapa kwenye filamu kisha ikabandikwa kwa joto, kwa sababu muda wa kuandaa fremu mpya na kukausha fulana moja moja haukuwepo. Faida yote ya kazi ile ilikwenda, na nyongeza nikatoa mfukoni. Zile zenye kosa zilibaki kwangu, kwani aliyelipia hasara ndiye mwenye mabaki. Nilizitumia kujaribia wino.

Maneno ya mzee yanakubaliana na sheria za biashara. Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya wana ya kwao, Sura ya 31. Zote mbili zinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo hayo. Kwenye fulana ya kuagiza, maelezo ni maneno aliyoyaleta mteja. Sampuli ni nafasi ya kulinasa kosa kabla ya wino. Haiwezi kulihamisha kosa la fundi likawa la mteja aliyeombwa kutazama kitu kingine.

Lakini haki hiyo inakata pande zote. Baadaye walikuja watu waliosoma shule moja, wakaandika wenyewe kwenye fomu kwamba walihitimu 1989. Tuliwatumia sampuli na kuwaomba waisome pamoja na tarehe. Wakajibu kwamba wamesoma. Siku ya kuchukua wakagundua mwaka wao ni 1998. Hapo kosa lilitoka kwao, nasi tulichapa kile kile walichokileta. Walilipia fulana mpya na wino, mimi nikawasamehe kazi ya kurekebisha dizaini. Hatukugombana, kwa sababu kanuni waliijua tangu siku ya kutoa malipo ya awali.

Kanuni hiyo sasa iko kwenye risiti yangu: kosa lililomo kwenye maandishi ya mteja ni la mteja, kinachotofautiana na maandishi ya mteja ni cha karakana. Hata fonti ikibadilika faili likihamia kompyuta nyingine, mpaka herufi zikaruka au zikapotea, hilo ni langu. Mteja hana njia ya kujua kilichotokea ndani ya kompyuta yangu.

Ili kanuni itendeke, nimebadilisha kazi yenyewe. Sipokei maneno kwa simu wala kwa meseji ya sauti, maana sikio haliwezi kukuambia kama jina ni Zainab au Zainabu. Dizaina hunakili meseji na kuibandika, haandiki upya. Sampuli ya maneno hutumwa peke yake, kwa herufi kubwa, na swali letu huwa: "Soma kila neno, kila jina na kila tarehe." Kidole gumba hatukipokei, tunasubiri mteja aandike kwamba amesoma na tuchape ngapi. Kisha mtu ambaye hakuitengeneza kazi husoma kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, ili mazoea yasimdanganye. Mwisho tunachapa fulana moja, tunaipiga picha na kumtumia mteja, na mkono unasimama mpaka ajibu. Kosa likionekana hapo, hasara ni fulana moja na fremu moja.

Wateja wengine huona ninawachelewesha. Nawavumilia, kwa kuwa najua bei ya haraka.

Nawe unayeagiza, kabla hujatoa malipo ya awali muulize fundi: neno likikosewa, nani analipa? Mwambie akuandikie jibu kwenye risiti. Tuma maneno kwa maandishi na meseji uitunze. Sampuli ikija, ivute iwe kubwa na uisome kama vile hujawahi kuyaona maneno hayo. Na fundi asiyekubali kulipia herufi aliyoipotosha mwenyewe, usimpe kazi yako.