Barua Ambayo Mwizi Hawezi Kuiiga

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Rasimu uliyonitumia juzi nimeisoma mara tatu. Nimeelewa kwamba unahamisha akaunti ya kampuni kwenda benki nyingine, na unataka kuwaarifu wateja wako, yaani zile hoteli na wasafirishaji wa viungo wanaonunua maboksi kwako. Lugha ni safi na adabu imo. Lakini nakuomba usiitume.

Umeandika hivi: "Tunapenda kuwajulisha kuwa tumebadilisha benki. Kuanzia leo malipo yote yafanyike kupitia akaunti iliyo hapa chini. Akaunti ya zamani imefungwa. Kwa maelezo zaidi piga simu namba iliyo juu ya barua hii." Barua ya namna hiyo ninaifahamu. Niliwahi kuipokea, na aliyeiandika alikuwa mwizi.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini kabla ya kustaafu. Tulikuwa tunadaiwa shilingi 38,400,000 na muuzaji wa vipuri tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Siku tatu kabla ya tarehe ya kulipa ikaja barua pepe kutoka kwake, ikiendeleza mazungumzo yetu yale yale. Ilitaja namba ya ankara na kiasi kamili, na iliambatana na barua yenye nembo, muhuri na sahihi. Tapeli alikuwa ameingia kwenye barua pepe za muuzaji wiki kadhaa nyuma, akawa anasoma tu na kusubiri ankara iive. Siku ilipofika aliandika kutoka anwani iliyotofautiana na ya kweli kwa kitu kidogo sana: mahali pa herufi m palikuwa na r na n zimekaa pamoja, rn. Zitazame haraka uone kama jicho litazitenganisha.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: nilipiga simu kuhakikisha. Sikulipa kwa uzembe. Kosa langu ni kwamba nilipiga namba iliyokuwa juu ya barua ile ile. Akapokea mtu mstaarabu, akanisomea namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu, akanishukuru kwa uangalifu wangu. Tukalipa kwa TISS. Malipo ya TISS yakishaingia kwa mpokeaji yamekwisha, huwezi kuyavuta nyuma kama hundi ambayo haijapita. Muuzaji wa kweli alipopiga simu wiki mbili baadaye kuulizia fedha zake, akaunti ile ilikuwa tupu. Tulimlipa mara ya pili.

Sasa rudi kwenye rasimu yako. Karani wa malipo pale hotelini hana namna ya kujua, kwa kuitazama tu, kama barua ni yako au ya tapeli. Nembo hunakiliwa na muhuri huchongwa. Kwa hiyo barua yako isimwombe aiamini. Imtoe nje ya karatasi, impeleke kwenye kitu alichokuwa nacho kabla karatasi haijafika. Mimi ningeiandika hivi:

"Tunahamisha akaunti yetu kwenda benki nyingine. Barua hii haina namba ya akaunti mpya, na tumefanya hivyo makusudi. Tafadhali mpigie mtu wetu unayemfahamu, kwa namba iliyo kwenye mkataba au ankara zako za zamani, naye atakusomea namba hiyo. Usitumie namba ya simu iliyo kwenye ujumbe wowote unaotaja mabadiliko haya. Akaunti ya sasa itaendelea kupokea malipo kwa miezi mitatu, hivyo hakuna haraka. Jina la akaunti litabaki jina kamili la kampuni yetu. Ukipata ujumbe wenye namba ya akaunti mpya, hata ukionekana umetoka kwetu, usilipe kabla ya kutupigia."

Nieleze sababu zangu. Kuacha namba ya akaunti nje ya barua kutawasumbua wateja kidogo, na wengine watalalamika. Lakini ukishawaambia kwamba barua ya kweli haina namba, kila barua yenye namba itajifichua yenyewe. Tapeli hawezi kuiiga barua yako na bado akapata anachokitaka, kwa sababu anachokihitaji ni kupenyeza namba yake.

Ile miezi mitatu ina kazi pia. Silaha kubwa ya tapeli ni haraka: akaunti imefungwa, iko kwenye ukaguzi, lipa leo mzigo usikwame. Akaunti ya zamani ikibaki wazi, mteja mwenye shaka anaweza kulipa huko kwa amani huku akiuliza. Gharama ya kuitunza ni ndogo ukiilinganisha na ankara moja iliyopotea. Na jina la akaunti ulitaje kwa sababu tapeli mara nyingi hutumia akaunti ya mtu binafsi au kampuni yenye jina linalokaribiana na lako. Karani akijua jina halibadiliki, ana kitu cha kulinganisha.

Kabla ya kutuma chochote, safisha nyumba yako kwanza. Badilisha nywila ya barua pepe za kampuni, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha fungua mipangilio uangalie kama kuna kanuni inayopeleka nakala za barua zako kwenye anwani usiyoijua. Mwizi aliyeingia mara nyingi huacha mlango kama huo. Ukitangaza mabadiliko naye yumo ndani, utakuwa umempa siku na sababu.

Kisha waandae wanaopokea simu. Mteja atakayetii maagizo yako akapiga, akajibiwa "sijui habari hizo," atarudi kwenye barua pepe. Chagua watu wawili tu wa kusoma namba, wewe na mhasibu, na kila mwingine ajue kuwaunganisha. Namba ikishasomwa, mteja airudie kwa sauti yake, wewe ukifuata kwenye karatasi. Akitaka, atume kwanza shilingi 10,000, asubiri umwambie kwa simu kwamba zimeingia, ndipo alipe zilizobaki.

Mnunuzi wako wa Maskati atahitaji maandishi, kwa kuwa benki yake itadai jina la benki, tawi na msimbo wa SWIFT. Huyo mpelekee, lakini baada ya kuzungumza, na mkubaliane kwamba hatalipa mpaka mmesomeana tena kwa simu kilichomfikia. Na zile hoteli ambazo karani amebadilika na hamjuani, nenda mwenyewe.

Ikitokea mteja amekwisha kulipa mahali pasipo sahihi, asipoteze muda kukuandikia. Apigie benki yake simu dakika hiyo hiyo aombe fedha zizuiwe kule zilikokwenda, kisha aende polisi. Kinachookolewa huokolewa kabla fedha hazijatolewa, na hizo ni saa, si siku.

Ukishaiandika upya, nitumie niisome. Sitakujibu kwa maandishi. Nitakupigia, kwa ile namba niliyo nayo tangu ulipokuwa chuo.

Mjomba wako