Ncha, Ukingo, Uso: Kuikagua Fuwele Kabla ya Kuiamini

Toleo lililopita mliniuliza huku kwenye uhandisi wa vifaa tunafanya nini hasa, maana wengi wenu mnadhani kazi yetu ni kuyeyusha vyuma. Leo nitawaeleza jambo moja tu: mtu akikuletea mchoro wa fuwele na kukuambia kwamba atomi zimekaa hivi, unajuaje kama anasema kweli? Nitatumia oksidi za titani, kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mtu wa Pwani, na rutili ndiyo ile iliyokuwa ikichimbwa kwenye mchanga wa Kwale tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Ya pili, mlango muhimu wa habari hii ulifunguliwa hapa hapa Stockholm.

Tuanze na rutili, yaani TiO2. Ukiisafisha ndiyo ule unga mweupe wa rangi za kuta. Ndani yake kila atomi ya titani imezungukwa na oksijeni sita: nne pembeni, moja juu, moja chini. Ukiunganisha hizo sita kwa mistari unapata umbo lenye nyuso nane, linaitwa oktahedroni. Chukua piramidi mbili, zigandishe kitako kwa kitako, umelipata. Fuwele nzima ni maelfu kwa maelfu ya oktahedroni zilizoshikana, na swali lote ni zimeshikana vipi. Zinaweza kugusana kwa ncha, maana yake zinagawana oksijeni moja. Zinaweza kugawana ukingo, oksijeni mbili. Au zinaweza kubanana uso kwa uso, oksijeni tatu.

Mwaka 1929 Mmarekani Linus Pauling aliandika kanuni tano za kupima miundo ya namna hii. Mimi nitashika mbili tu, ya pili na ya tatu, kwa sababu ndizo zinazotumika kila siku.

Ya tatu ni rahisi kuiona kwa macho. Ndani ya kila oktahedroni kuna titani yenye chaji chanya kubwa, na chaji chanya hazipendani. Oktahedroni mbili zikigusana kwa ncha, titani zao zinaweza kukaa mbali kabisa. Tuuite umbali huo 1. Zikigawana ukingo, umbali unashuka hadi 0.71. Zikigawana uso, 0.58. Ni kama majirani: kukutana kwenye kona ya mtaa hakuna shida, kugawana ukuta mmoja kuna maneno maneno, sasa kugawana chumba! Kwa hiyo Pauling akasema muundo unaogawana kingo, na hasa nyuso, unapoteza uthabiti, na hasara inazidi pale chaji ya kationi inapokuwa kubwa.

Ushahidi upo kwenye rutili yenyewe. Tunapima kwa angstromu, kipimo chenye jina la Msweden wa Uppsala, na angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Katika rutili kila oktahedroni inagawana kingo mbili na jirani zake. Kingo zote zingekuwa sawa, kila moja ingekuwa na urefu wa kama 2.77. Lakini ule ukingo unaogawanwa umefupika hadi 2.53, na titani mbili zilizo upande huu na huu zimesukumana hadi 2.96. Titani zinakimbiana, na oksijeni mbili zilizo katikati zinajikusanya kama pazia la kuzitenganisha. Ukiona mchoro ambao ukingo unaogawanwa ni mrefu kuliko ule usiogawanwa, simama kwanza, uliza.

TiO2 ina ndugu wengine wawili wenye fomula ile ile. Brukaiti inagawana kingo tatu kwa kila oktahedroni, anatasi inagawana nne. Kwa kanuni, rutili ndiyo inapaswa kuwa thabiti kuliko wote, na kweli ndivyo: ukizipasha moto wa kutosha, anatasi na brukaiti zinageuka rutili na hazirudi tena. Ila ukisaga chembe mpaka ziwe ndogo sana, za nanomita chache tu, anatasi inashinda, kwa sababu hapo nishati ya uso wa chembe ndiyo inaamua mambo. Kanuni inazungumzia kilicho ndani ya fuwele tu, ganda lake haliingii kwenye hesabu.

Sasa kanuni ya pili, ambayo wanafunzi wengi wanairuka kwa sababu ina hesabu. Jamani, ni hesabu ya shule ya msingi. Titani ina chaji 4, inaigawa kwa oksijeni sita, kila moja inapata 4/6, yaani 0.67. Katika rutili kila oksijeni inaguswa na titani tatu. Mara tatu ni 2, na oksijeni inahitaji 2. Deni limelipwa. Angalia kwamba hesabu lazima ilingane kwa kila oksijeni peke yake. Haitoshi jumla ya fuwele kuwa sawa, kama vile haitoshi kusema kijiji kimekula ikiwa mmoja kala sahani tano na mwingine kalala njaa.

Hapo ndipo kisa changu kinapoingia. Dada mmoja kutoka Mwanza, anasoma kemia, alikuja wakati wa fika. (Wageni mjue, fika huku ni mapumziko ya kahawa, na hakuna safari inayohusika.) Alikuwa na poda nyeusi aliyoipika kwa kupasha TiO2 yenye vanadi kidogo ndani ya haidrojeni, ambayo inanyofoa baadhi ya oksijeni. Alitaka itumike kama elektrodi ya kusafisha maji machafu. Kwa vipimo vyake metali nne zilikuwa na oksijeni saba. Mistari ya eksirei haikulingana sawasawa na kitu chochote kitabuni, na kompyuta ikampa miundo miwili, yote ikilingana na vipimo karibu sawa. Ufadhili wake ulikuwa unaisha Juni, na alitakiwa kuchagua muundo mmoja wa kujengea sura nzima ya tasnifu.

"Kaka, mimi naona ni huu wa kwanza," akaniambia. "Hauna nyuso zinazogawanwa hata moja. Huu wa pili umejaa nyuso. Si Pauling amekataza?"

Nikamwambia tuhesabu kwanza. Metali nne zenye chaji ya jumla 14, wastani ni 3.5. Gawanya kwa sita, kila oksijeni inapata kama 0.58 kutoka kwa kila metali inayoigusa. Katika muundo wa kwanza tukakuta oksijeni moja inaguswa na metali mbili tu: inapata 1.17. Nyingine inaguswa na tano: 2.92. Wastani wa fuwele nzima ulikuwa 2 safi kabisa, ndiyo maana hakushtuka. Lakini mmoja ana njaa na mwingine amevimbiwa. Oksijeni yenye 1.17 ingeweza kuvumilika kama ingekuwa imeshika haidrojeni ambayo eksirei haikuiona, na poda ilipikwa ndani ya haidrojeni, kwa hiyo swali halikuwa la kipuuzi. Akaipima uzito huku akiipasha moto kwenye gesi kavu. Hakuna maji yaliyotoka.

Muundo wa pili tukaukuta una oksijeni zinazoguswa na metali tatu au nne tu. Za tatu zinapata 1.75, za nne 2.33. Si kamili, lakini tazama: palipo na metali za chaji 4, tatu zinatoa 2 kamili, na palipo na za chaji 3, nne zinatoa 2 kamili. Chaji ikijipanga kidogo tu, pengo linazibika. Ule wa kwanza haupati dawa ya namna hiyo.

Zikabaki zile nyuso, na hapo jibu lilikuwa limelala mjini kwetu miaka mingi. Arne Magnéli na wenzake hapa Stockholm walichapisha mwaka 1957 kwamba rutili ikipoteza oksijeni haibaki na matundu ovyo ovyo. Inatoa familia nzima ya oksidi zenye fomula TinO2n-1, kuanzia n ya 4 hadi 10. Fikiria fuwele ambayo, kila baada ya oktahedroni n, safu ya oksijeni inaondolewa, kisha nusu moja inateleza na kufunga pengo. Kwenye mshono huo oktahedroni hazina nafasi tena, zinabanana uso kwa uso. Kugawana nyuso ndiyo bei ya oksijeni iliyoondoka. Weka n ni 4, unapata Ti4O7, metali nne kwa oksijeni saba.

Kwa nini bei hiyo inalipika? Kwanza, chaji imeshuka. Msukumano kati ya chaji 4 na 4 ni 16, kati ya 3 na 3 ni 9, karibu nusu kwa umbali ule ule. Pili, titani ya chaji 3 imebaki na elektroni moja, na jirani zake wawili uso kwa uso wanaweza kuziunganisha elektroni zao. Katika Ti2O3 titani hizo zina umbali wa 2.58 tu, na fuwele imesimama imara. Elektroni hizo hizo ndizo zinafanya poda iwe nyeusi na Ti4O7 ipitishe umeme, kitu alichokitaka dada yetu kwa elektrodi yake. Ingekuwa TiO2 nyeupe, yenye chaji 4 kila mahali na nyuso zimebanana, ningeukataa mchoro bila kunywa kahawa ya pili.

Basi kwa nini kompyuta iliipenda miundo yote miwili? Eksirei huona elektroni. Titani ina elektroni 22, oksijeni 8. Ukiisogeza oksijeni kidogo, mistari haitikisiki. Dalili ni hiyo: hamisha oksijeni kwa makusudi uone kama ulinganifu unaharibika. Tulipojaribu kwenye muundo wa kwanza, haukujali. Dawa yake ni nyutroni, zinazoiona oksijeni vizuri hata ikiwa jirani na metali. Sampuli ikapelekwa nje ya Sweden, ikachukua wiki saba. Kwa data hiyo oksijeni za muundo wa kwanza hazikukaa, kila zilipowekwa zilikimbilia kwingine. Za muundo wa pili zilitulia.

Msije mkazifanya kanuni hizi msahafu. Mwaka 2020 kundi la Janine George na Geoffroy Hautier lilizipima kwenye oksidi zipatazo 5,000, na ni asilimia 13 tu zilizotimiza kanuni nne za mwisho zote kwa pamoja. Hata korundi, mama wa rubi za Longido, inagawana nyuso, na ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa duniani. Lakini itazame kwa karibu: kingo za ule uso unaogawanwa zimefupika hadi 2.52 huku nyingine zikifika 2.87, na alumini zimesogea pembeni, kila moja ikiupa uso huo mgongo. Mimi sikuhizi nikiletewa muundo siulizi kama umevunja kanuni. Nauliza kama atomi zinaonekana kujua kwamba kanuni imevunjwa. Kama nyuso zimebanana na titani zimetulia katikati kana kwamba hakuna kitu, hapo ndipo naomba data za oksijeni.

Dada alimaliza sura yake wiki mbili kabla ya Juni. Sasa hivi anahangaika na elektrodi yenyewe, inayopasuka ikikauka, na huo ni mkasa mwingine kabisa.