Barua ya Kuomba Karo

Jamaa zangu, kijana mmoja wa kwetu hapa Fort Worth, aliyekubaliwa kusomea udaktari, aliniletea barua yake kwa wakfu mmoja niisahihishe. Kurasa mbili za dhiki, na kiasi anachotaka hakimo. "Mwalimu, naona haya kutaja pesa," akasema. Nikamwambia anayeombwa hapimi haya, hupima pengo.

Tukakaa tukahesabu. Karo, kodi ya nyumba na chakula cha mwaka, chuo kimekadiria dola 58,000. Kwa sheria ya 2025, mwanafunzi wa udaktari anayeanza kukopa tangu Julai 1, 2026 hapewi na serikali zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Zikabaki 8,000. Yeye alitaka aombe 12,000, ati wakikata zisipungue mno. Nikamkataza: misaada yote ikijumlishwa hairuhusiwi kupita makadirio ya chuo, basi zile 4,000 za ziada zingeondolewa kwenye mkopo. Deni lingepungua, kweli, lakini mfukoni haingii hata senti.

Sasa aya ya kwanza yataja 8,000, na karatasi ya makadirio imeambatishwa. Dhiki tumeiachia mistari minne. Barua ilipelekwa Ijumaa.