Barua kwa Meneja wa Hoteli

Barua ninayoizungumzia ina ukurasa mmoja na nusu. Imeandikwa na kijana niliyemfundisha miaka michache iliyopita, ambaye tangu ahitimu hajapata ajira na sasa anajitegemea kwa kutengeneza picha kwa akili mnemba. Imeelekezwa kwa meneja wa hoteli ndogo ya ufukweni Bagamoyo. Chini ya neno “YAH:” ameandika kwamba anatoa picha 30, yaani 18 za vyumba na 12 za chakula na sehemu ya kulia, kwa shilingi 600,000, zitakazokabidhiwa ndani ya siku tano “bila usumbufu wa mpiga picha kuja hotelini”. Aliniletea niisahihishe Kiswahili kabla hajaipeleka.

Kiswahili chake hakikuwa na kasoro kubwa. Kilichonisimamisha ni hayo maneno kuhusu usumbufu. Barua inajisifu kwamba picha za chumba zitapatikana bila mtu yeyote kukiona chumba chenyewe. Nikamwomba anionyeshe sampuli nne alizokusudia kuziambatisha.

Ya kwanza ilikuwa chumba chenye dirisha linaloitazama bahari. Bahari hiyo ilikuwa ya samawati angavu, imejaa hadi kwenye ngazi za baraza. Anayeijua Bagamoyo anajua kwamba mto Ruvu humwaga maji yake kaskazini ya mji, na maji ya pwani ile mara nyingi huwa na rangi ya udongo. Anajua pia kwamba maji yakitoka, bahari hurudi mbali mno, ngalawa zikabaki zimelalia ubavu mchangani. Ule ni mji mzuri kwa sababu zake wenyewe, lakini bahari ya kwenye ile picha haikuwa yake. Ukutani, kando ya kitanda, palikuwa na soketi ya umeme yenye matundu membamba ya Kimarekani, ilhali zetu ni za pini tatu za mraba. Chandarua kilikuwa kitambaa cha pambo kilichofungwa kwenye nguzo za kitanda, hakifiki godoro, na mbu angepita humo bila kuinama.

Ya chakula ilinichekesha zaidi. Sahani ilikuwa na kambakoche mwenye magando mawili makubwa mekundu. Kambakoche wa bahari yetu hana magando ya namna hiyo. Ana papasi ndefu na miiba. Mwenye magando makubwa huvuliwa Atlantiki ya kaskazini. Mashine haikukusudia kumdanganya mtu. Imelishwa picha nyingi mno za kutoka kwingine, na ikiombwa kitu cha kwetu hurudisha kile ilichokizoea.

Hapa inafaa kueleza namna kazi hiyo inavyofanyika, kwa kuwa maofisa wengi wanaosaini malipo ya aina hii hawajawahi kuelezwa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiandikia programu maneno tu, nayo ikabuni kila kitu kuanzia dari hadi mashuka. Ya pili ni kuipa picha halisi ya chumba, kisha kuipangia kiwango cha mabadiliko, ambacho katika baadhi ya programu huanzia 0 hadi 1. Kiwango kikiwa chini, kuta, dirisha na kitanda hubaki mahali pake, na kinachobadilika zaidi ni mwanga na mikunjo ya vitambaa. Kadiri kinavyopandishwa, chumba hupanuka, dirisha hukua, na kabati ambalo halijawahi kununuliwa hujitokeza kwenye kona. Matokeo ya njia zote mbili huitwa kwa jina moja, “picha”, na barua ya kijana wangu haikusema angetumia ipi.

Kutosema huko kuna gharama. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayotumika Tanzania Bara, kinakataza katika biashara mwenendo unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Hilo neno “unaoelekea” lina uzito: halisubiri mpaka mgeni awe amekwisha kupotoshwa. Tena wageni wengi kutoka Ulaya hununua safari ikiwa kifurushi kimoja, na Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 kuhusu vifurushi vya safari yanampa msafiri haki ya kupunguziwa bei iwapo huduma hailingani na kilichoahidiwa. Wakala akishamrudishia mgeni fedha, anaweza kumgeukia aliyetoa huduma, naye ni hoteli. Meneja atauliza picha zile zilitoka kwa nani, na barua yenye jina na namba ya simu ipo kwenye faili.

Lakini kabla ya sheria kufika, kuna binti wa mapokezi. Ndiye anayekabidhi ufunguo, anayesimama mlangoni wakati mgeni anaishika simu yake juu na kuilinganisha na ukuta. Hakuulizwa picha zilipochaguliwa, na mshahara wake haukupangwa kwa kufikiria zamu za kuomba radhi.

Simlaumu kijana. Tumewaambia wajiajiri, tukawaandalia semina za fursa za kidijitali, na katika semina hizo hugawiwa kielelezo cha barua ambacho kimefasiriwa neno kwa neno, chenye “uzoefu usiosahaulika” na “suluhisho la kisasa”. Hakuna aliyewafundisha kuandika sentensi inayoeleza bidhaa ni nini.

Tukaiandika upya barua yake. Picha 18 za vyumba zikawa 8, zote zikianzia kwenye picha halisi atakazopiga mwenyewe kwa simu, asubuhi, mapazia yakiwa wazi, akisimama kwenye kona ya mlango. Akaahidi kwa maandishi kwamba hatabadilisha ukubwa wa chumba, dirisha, samani wala kinachoonekana nje. Picha za chakula zikaondoka zote. Alipinga, akasema, “Mwalimu, hizo ndizo zinazouza.” Nikamjibu kwamba pilau ikishapikwa, kuipiga picha karibu na dirisha ni kazi ya dakika chache, na mpishi atakuwa na la kusema kuhusu sahani asiyoijua.

Mahali pa zile 12 tuliweka jambo ambalo akili mnemba hulifanya kwa haki. Meneja alikuwa na mpango wa kuiezeka baraza ya nyuma kwa makuti na kuifanya sehemu ya kulia. Chumba ambacho hakijajengwa hakina picha halisi, na mwenye nyumba anahitaji kuona meza ngapi zinaenea na kivuli kinafika wapi kabla hajamwita fundi. Kwa hiyo barua ikatoa picha 6 za baraza hiyo, kila moja ikiwa na maneno “Pendekezo, bado haijajengwa” ndani ya picha yenyewe, si pembeni, kwa sababu maelezo ya pembeni hupotea picha inaposambazwa. Mwisho tukaongeza sharti: kabla ya malipo, mtu wa mapokezi na mpishi wazipitie picha na waweke sahihi. Bei ikashuka hadi shilingi 350,000.

Meneja alijibu baada ya wiki mbili. Vyumba alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine, aliyemwahidi picha 40 kwa siku mbili. Baraza alimpa kijana wangu, kwa shilingi 150,000, ila aliomba yale maneno ya pendekezo yaondolewe kwa kuwa “yanaharibu mandhari”. Kijana alikataa, akanipigia kuniuliza kama amefanya ujinga. Siku nne baadaye walikubaliana: maneno yatabaki chini upande wa kushoto, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu.