Haisi ya Bi Harusi Isiyotembea



Mwaka jana tulikwenda Ijumbi, wilayani Muleba, kwenye harusi ya shoga yetu ambaye kwao ni huko. Tulikuwa wanne kutoka Unguja, na kwa kuwa tulishapanga kutengeneza filamu fupi ya dakika nane, tukasema hadithi tumeipata: bi harusi ameshafungishwa nikaha, anapelekwa usiku kwa mumewe mjini Bukoba, ndani ya haisi ya kukodi.

Muswada wa kwanza tuliuandika kwa mapenzi ya macho. Haisi inapita kwenye migomba, ng'ombe wanakatisha barabara, watoto wanapunga mikono, mara ziwa linaonekana. Tulipokaa kuhesabu, tukaona kila sentensi ya nje ina bei yake. Gari linataka mafuta ya kwenda na kurudi kila tukikosea, na mwanga wa jua haungoji mtu. Tulijaribu asubuhi moja tu. Picha ilitetemeka, sauti ya injini ikameza maneno yote, na dereva naye, kwa kuwa anatazamwa na kamera, akawa haangalii barabara vizuri. Tukaogopa, tukaacha.

Jioni ile tukakaa barazani tukajiuliza swali ambalo tungejiuliza tangu mwanzo: kwa nini hadithi yetu iwe ndani ya gari na si chumbani? Jibu lilikuwa kwamba ndani ya gari hakuna anayeweza kuondoka, na safari ina mwisho. Neno lisiposemwa kabla ya kufika Bukoba, halisemwi tena. Basi hadithi haikuhitaji barabara. Ilihitaji watu waliobanana na kitu cha kugombania.

Kitu hicho tulikipata kwenye bahasha. Mahari ya bi harusi imekaa kwenye bahasha ya kaki, mkononi kwa shangazi yake. Konda anadai salio la kukodi gari. Shangazi, bila kufikiri mara mbili, anaifungua bahasha ile na kuhesabu. Pesa zinapitishwa mkono kwa mkono kwenda mbele, kama zinavyopita kwenye haisi siku zote, na katika kupita zinafika kwenye mikono ya hina ya bi harusi mwenyewe. Hapo anatambua kwamba anaombwa alipe gari la harusi yake kwa haki yake.

Tukaandika upya, safari hii kwa gari lililosimama uani, usiku. Kwanza tulifuta kila kinachoonekana nje. Tukaweka giza na mvua, maana dirisha jeusi lenye matone halimwambii mtazamaji kama gari linakwenda au limesimama, na Kagera mvua si jambo la kushangaza. Maji tuliyamwaga kwa ndoo yenye matundu. Kilichobaki cha nje tukakigeuza sauti: honi, waipa, na konda akisema, "Muhutwe hiyo inakuja."

Pili, tuliuandika mwendo ndani ya muswada. Hapa ndipo wengi hukosea. Gari la uongo hujulikana kwa miili kuliko kwa dirisha: mmoja anayumba, mwingine ametulia kama yuko sebuleni. Kwa hiyo ukurasa wetu ulisomeka hivi:

NDANI. HAISI – USIKU, MVUA
Gari linakata kona. Wote wanaegemea kushoto. Bahasha inateleza mapajani kwa Shangazi. Anaidaka.
KONDA: Mama, salio langu.
SHANGAZI: Subiri baba, nakupa.
Shimo. Wote wanaruka kidogo. Bi Harusi anashika siti ya mbele yake.

Mmoja wetu alisimama nje akiita "kona!" na "shimo!", wote wakafuata. Maneno yake tuliyakata baadaye, ndiyo maana kila kona na kila shimo tuliliweka pale ambapo hakuna anayezungumza. Vijana wawili walilitikisa gari kwa ubao mrefu uliopitishwa chini ya bampa ya nyuma, tofali likiwa egemeo. Walitikisa kidogo tu, maana ukizidisha linaonekana jahazi. Mwingine alipita nje na tochi iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa, akitembea kutoka mbele ya gari kuelekea nyuma. Usigeuze hapo: taa ikitoka nyuma kwenda mbele, gari litaonekana linarudi kinyumenyume.

Tatu, sauti. Injini ilizimwa muda wote, kisha ngurumo ya haisi halisi, tuliyoirekodi kwa simu siku nyingine safarini, ikawekwa chini ya maneno. Usiku wa kwanza tulisahau jambo moja. Gari lilikuwa kimya, kwa hiyo wote walizungumza kwa upole kama wako msibani. Tulipoweka ngurumo, sauti zao zikawa kama za watu walio mahali pengine. Tukarudia yote, na safari hii tukaandika juu ya ukurasa: semeni kama injini inawazidi.

Kamera ilikaa sehemu mbili tu: siti ya mbele ya abiria ikitazama nyuma, na karibu na mlango ikimtazama bi harusi kwa ubavu. Dereva anaonekana kofia tu, basi hatukuhitaji mwigizaji wake. Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tafuta filamu ya Abbas Kiarostami wa Iran iitwayo Kumi, ya mwaka 2002. Mwanamke anaendesha gari mjini Tehran, wanaingia watu tofauti, na karibu kila kitu kimechukuliwa na kamera ndogo mbili zilizofungwa mbele ya gari. Gari lake lilitembea kweli, lakini utamu hautoki barabarani. Unatoka kwenye uso wa anayesikiliza.

Umasikini wetu ulitusaidia zaidi mwishoni. Dereva anakataa kuendelea bila salio, anazima gari. Kwetu kulisimamisha hakukugharimu chochote, lilikuwa limesimama tangu mwanzo. Tulichofanya ni watu kuacha kuyumba, tochi kuacha kupita, na ngurumo kukatika ghafla. Mtazamaji anasikia mvua tu juu ya bati la gari. Hakuna tena sauti ya kujifichia. Bi harusi anazo pesa mkononi, na wote wanamtazama.

Hapo tulikwama usiku mzima. Tulimwandikia hotuba ndefu juu ya haki ya mwanamke kwenye mahari yake, na kila tukiisoma ilikuwa mawaidha, si mtu. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye ndiye alikuwa akiigiza shangazi, akasema taratibu kwamba mahari yake yeye yalinunua mapambo ya ukumbi, miaka tisa iliyopita, na hajawahi kumuuliza mtu. Tukamuuliza, ungeuliza vipi? Akafikiri, akasema, "Ningesema tu: Shangazi, hizi ni zangu."

Tukafuta hotuba, tukaandika hayo maneno manne. Bi harusi anayasema, anazirudisha pesa kwenye bahasha, anaipakata. Shangazi anamtazama, kisha anafungua pindo la kanga yake mwenyewe na kutoa noti. Gari linawaka. Wote wanaegemea kulia.

Tuliporekodi, aliyetoa noti ile pindoni alikuwa mwenzetu yule yule. Alitaka turudie mara tatu, ingawa ya kwanza ilikuwa nzuri. Tukarudia.