Notisi ya Siku Thelathini

Chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa sentensi ndefu hufunguliwa kwa kitenzi chake. Kanuni hiyo bado inanifaa uzeeni, hasa ninaposoma mikataba ya huduma zinazolipiwa kwa mwaka.

Binti yangu alimlipia mwanawe masomo ya hesabu ya mtandaoni, shilingi 180,000 kwa mwaka, kuanzia tarehe 15 Machi 2024. Novemba mtoto akamaliza kidato cha nne. Januari 2025 mama yake akaniletea mkataba. "Baba, mwaka ukiisha si basi?" Fedha za mwaka wa pili alikwisha kuzipangia tranka na godoro la kidato cha tano.

Haikuwa basi. Sehemu ya malipo haikusema neno. Nililikuta sharti lenyewe chini ya kichwa "Muda wa Mkataba": mkataba utajiongeza mwaka mwingine, isipokuwa mteja atoe notisi ya maandishi, nayo ipokelewe siku zisizopungua 30 kabla ya muda kwisha. Kitenzi ni "ipokelewe". Barua ikichelewa njiani, siku zinazoliwa ni za mteja.

Tukahesabu kurudi nyuma. Mwaka uliokuwa umelipiwa ungeisha tarehe 14 Machi 2025. Kutoa siku 14 kunatufikisha 28 Februari. Kutoa 16 zilizobaki kunatufikisha 12 Februari. Mtu anayejisemea "mwezi mmoja kabla" angepeleka notisi tarehe 14 Februari, naye angekuwa amechelewa siku mbili, kwa kuwa Februari ile ilikuwa na siku 28. Sisi tuliandika tarehe 27 Januari, kwa barua pepe, kwenye anwani iliyotajwa katika mkataba: jina, namba ya mteja, na sentensi moja kwamba mkataba usiongezwe baada ya 14 Machi 2025. Tukaomba watujibu kwamba wameipokea.

Mjukuu alituona tunahangaika. "Babu, mbona mimi nilishaifuta programu kwenye simu?" Nikamweleza kuwa kufuta programu hakugusi mkataba. Hata anayelipa kupitia Google Play, akiifuta programu ataendelea kukatwa. Huyo hana budi kufungua Google Play, agonge picha yake, aende "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions", achague huduma na kugonga "Cancel subscription". Huduma itabaki wazi mpaka siku alizolipia ziishe. Lakini mama yake alikuwa amelipa moja kwa moja kwa kampuni, kwa kadi ya benki, kwa hiyo mlango wetu ulikuwa ile barua.

Jibu la kwanza lilitupa punguzo la bei. Ni adabu njema, lakini halikusema kama notisi imepokelewa, basi tukaandika tena. Tarehe 31 Januari likaja jibu lenye tarehe ya kupokelewa na siku ya mwisho ya mkataba. Tukalichapa na kulihifadhi.

Tarehe 15 Machi benki haikukata kitu. Matangazo ya punguzo bado wanamletea.